Nywele za kipilipili zikipanuka chini: anzia utosini, si kwenye ncha

"Nywele zangu ni za kipilipili. Saluni walizipiga draya wakazikata zote sawa, zikawa za mabegani. Nilipoziosha zikapanda mpaka kwenye taya na zimepanuka chini kama hema, na uso wangu ni wa duara. Naweza kuzirekebisha mwenyewe nyumbani? Nipo Wete."

Unaweza shoga, ila mkasi usiupeleke chini. Urefu wako hauna neno. Tatizo ni kwamba ncha zote zimeishia mstari mmoja: nywele za utosini ndefu, zinalala kwa uzito wake, halafu zote zinakwenda kujazana pale pale kwenye taya. Ukipunguza chini tena, upana unahamia mashavuni, na hapo kwa uso wa duara ndio unaharibu kabisa. Unachotaka ni utosi uwe mwepesi ili usimame, na ubavuni papungue.

Mimi nipo Unguja, wa nyumbani na majirani wengi nywele zao nazikata mimi, na kipilipili sikikati kikiwa kibichi wala kikishapigwa draya. Nywele hizi hujikunja kila moja kwa namna yake. Mara nyingi za kisogoni zinabana kuliko za mbele, kwa hiyo mstari ulionyooka kwenye draya ukirowa haupo tena. Zikate zikiwa kavu, zimejikunja zenyewe, kwa namna unayozivaa siku nyingi. Kama kawaida yako ni kusokota twisti na kuzifumua, zikate baada ya kufumua. Na usivue ushungi wa kutwa ukashika mkasi hapo hapo, maana utosi umelala na ubavu umebanwa, utakata umbo la ushungi. Osha usiku, tia kondishna kidogo, acha zikauke, ukate asubuhi bila kupitisha chanuo.

Nikupe mfano wa binti wa dada yangu, uso wake kama wako. Nilishika msokoto mmoja wa utosini nikaunyoosha: sm 21. Nikauachia: sm 7. Yaani kila sm 1 ionekanayo ni sm 3 za unywele. Ndiyo maana ukinyoosha ukakata "kidogo tu" cha sm 3, unachokiona kimepungua ni sm 1 kwenye msokoto huo, na kwenye unaobana zaidi au kulegea hesabu ni nyengine. Nikakata bila kuvuta: unashika ncha kwa vidole viwili, msokoto umekaa ulivyo, unakata.

Nilianza katikati ya utosi, nikatoa kama sm 2 za kuonekana. Duru inayofuata sm 1 na nusu, kisha 1, kisha nusu, na nilipofika usawa wa masikio sikukata kitu. Kila nikimaliza duru namwambia atikise kichwa, nasogea nyuma, natazama kwenye kioo. Zile za utosini zikishapungua uzito huinuka zenyewe, na urefu wa uso unaonekana. Ukiona zimekaa kama kofia, na ngazi inaonekana wazi pale duru moja inapokutana na nyengine, basi umeruka haraka mno. Punguza ncha chache za hapo mpakani tu.

Ubavuni nilimtazama kutoka mbele. Misokoto iliyotoka nje ya mstari wa panja kwenda kwenye taya ndiyo niliyoigusa, mmoja mmoja, mengine nikaiacha. Ile ya mbele inayogusa uso niliiweka mwisho na sikuikatisha shavuni, kwa sababu ncha ikiishia pale shavu lilipojaa, jicho linatua hapo. Niliiacha ifike kidevuni. (Mwenye uso mrefu hufanya kinyume: utosi usipande sana, ujazo ukae usawa wa mashavu.)

Mkasi uwe wa nywele na uwe mkali. Wa jikoni au wa nguo ulioanza kuwa butu hutafuna ncha, nazo zikitafunwa hupasuka. Ule wenye meno, wa kupunguzia ujazo, kwa kipilipili mimi siutaki. Unaacha vinywele vifupi ndani ambavyo vinasukuma virefu nje, ukadhani umepunguza, kumbe baada ya wiki chache zimefura kuliko mwanzo.

Kisogoni mwite mtu akukatie, au angalau akushikie kioo cha pili. Ukimaliza usirudie siku hiyo hiyo. Osha mara moja, zikauke, ndipo utaona msokoto gani umebaki nje. Na ujue, ukizikata hivi, siku utakayopiga draya kwa ajili ya harusi ncha zitaonekana hazilingani. Siku hiyo zibane nyuma, usimpe mtu mkasi azisawazishe.