Ukitoka hapa, kapelo ya nini?

Wiki iliyopita dogo mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Kaka shikamoo. Nafungua saluni ya kiume Kihonda mwezi ujao. Mashine ninazo, viti ninavyo, bado kaulimbiu tu. Nimepata tatu: Mteja ni Mfalme, Huduma Bora kwa Bei Nafuu, na Ng'ara Kisasa. Nichague ipi?"

Nikamjibu, "Marahaba, dogo. Usichague hata moja." Nadhani alinuna, maana hajarudisha neno mpaka leo. Basi jibu refu ndilo hili, na wengine mnaotaka kufungua saluni lisomeni pia.

Kaulimbiu ya biashara ina kipimo kimoja rahisi sana. Ichukue uipeleke kichwani mwako kwenye bucha la jirani, uipachike juu ya mlango. Ikikaa vizuri, itupe. "Huduma bora kwa bei nafuu" inakaa vizuri buchani, inakaa kwa fundi cherehani, inakaa hata kwa anayeuza mbao. Kijana wa miaka ishirini anapita mbele ya maneno hayo kila siku na hayaoni tena. Yeye anataka jambo moja kwako: akitoka, wenzake wamtazame kichwa mara mbili.

Saluni yangu iko Malimbe, Mwanza, karibu na chuo. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wa SAUT waliopanga vyumba jirani, na madereva wa bodaboda. Bumu likitoka benchi linajaa mpaka nje, na chuo kikifunga unaweza kushinda unasoma simu. Miaka ya mwanzo ubaoni paliandikwa jina la saluni na namba ya simu, basi. Kaulimbiu sikuikaa chini kuitunga. Niliiona kwa wateja.

Kijana anayejiona kichwa kimemshinda huingia na kapelo. Anaivua akikaa kwenye kiti, anaishika mapajani au anaitundika msumarini. Ukimaliza kumnyoa, angalia mkono wake. Kama kazi imempendeza, atajitazama mbele, atageuza shavu la kulia, la kushoto, atapitisha kiganja kisogoni, halafu atalipa na kapelo ataibeba mkononi. Kama haikumpendeza, atasema "iko poa, kaka", atalipa bila kukutazama, na kapelo itakuwa kichwani kabla hajafika mlangoni. Huyo hakugombezi, ila umeshampoteza. Nilianza kuhesabu kapelo kimoyomoyo, na siku moja nikamtania dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa anavaa yake haraka: "Sasa ukitoka hapa, kofia ya nini?" Benchi zima likacheka. Kesho yake wale wanafunzi wakaingia wakiyasema maneno yale yale. Nikamwita fundi wa mabango.

Yalisomeka hivyo, "Ukitoka hapa, kofia ya nini?", mpaka alipoingia mzee mmoja wa mtaani, kavaa kofia yake nyeupe iliyodariziwa, ya swala. Akasoma, akacheka kidogo, akaniambia, "Mwanangu, mimi kofia yangu nitaivaa hata uninyoe kwa dhahabu." Alisema kwa utani, lakini nilielewa. Kofia kwa watu wengi ni ibada na heshima ya utu uzima, nami nilikuwa nawaambia waiache. Bango likabadilishwa neno moja: kapelo. Na hapo ndipo lilipokaa sawasawa. Hakuna mzee anayevaa kapelo kuficha kipara, na hakuna kijana asiyejua kapelo inaficha nini.

Sasa dogo, usikimbilie kuyanakili, maana maneno hayo yana gharama. Ukishamuuliza mtu "kapelo ya nini", umemwahidi kichwa kisichohitaji kufichwa. Na anao muda wa kukukagua: siku ya kwanza kwenye kioo, siku ya tatu kwenye ngozi, siku ya kumi kwenye fedi.

Kioo ni rahisi, ingawa vinyozi wengi wanaanguka hapo. Kosa kubwa liko kwenye mstari wa mbele. Paji la uso la mtu halijanyooka, upande mmoja huwa juu kuliko mwingine. Kinyozi akitaka mstari wa rula anakata kidogo kulia, anaona kushoto kumezidi, anakata kushoto, anarudi kulia, na mwisho mstari umepanda juu ya pale nywele zinapoanzia. Leo utaonekana mkali. Baada ya siku chache vinatokea vishina vidogo chini ya mstari, na kila mtu anajua alisogezwa. Kwangu sheria ni kuanza katikati ya paji, kufuata zilikoota nywele zenyewe, kwenda nje kila upande, na kuondoa zile zilizopotea njia tu. Kama upande mmoja uko juu kwa kuzaliwa, uache. Kisha kioo cha mkononi kisogoni kabla ya kitambaa kutolewa shingoni. Mteja aone nyuma yake akiwa bado amekaa, ili kama kuna doa arekebishiwe hapo hapo.

Siku ya tatu ndiyo inayoua saluni. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata chini kabisa kwa wembe, ncha iliyochongoka inajikunja na kurudi kuingia kwenye ngozi, na hapo ndipo vipele vya kidevuni na kisogoni vinapotoka. Mteja anasema "ile saluni ina mashine chafu", hata kama mashine ni safi. Kwa hiyo kabla sijashika wembe natazama shingo. Nikiona vipele au makovu madogo meusi, wembe haupiti, namchonga kwa mashine ndogo na kumwacha na kivuli chembamba cha nywele. Namwambia wazi: "Leo hautang'aa sana, ila Jumamosi utanishukuru." Wengine wanabisha, lakini wanarudi. Akiwa na vinundu vigumu kisogoni vilivyokaa muda mrefu, hiyo si kazi ya kinyozi, namwambia aende hospitali.

Uchafu nao upo, tusidanganyane. Wembe ni mpya kwa kila kichwa, na unafunguliwa mteja akiona, kwa sababu damu ya mtu inaweza kubeba homa ya ini na mengine. Mapunye yanahama kwa mashine kutoka kichwa hadi kichwa. Na ile sterilaiza yenye taa ya bluu tuliyonunua sote kwa sababu inapendeza ukutani, mwanga wake unafanya kazi pale tu unapofika. Mashine iliyojaa nywele katikati ya meno ukiilaza humo, umeiwekea taa tu. Kwanza brashi, utoe nywele zote. Kisha futa mafuta. Kisha spiriti ya asilimia 70, uiache ikauke yenyewe huku ukimfunga mteja kitambaa. Mafuta matone mawili matatu kwenye meno, washa sekunde chache, gusisha kwenye kifundo chako cha mkono. Ikikuchoma wewe, itamchoma na yeye.

Siku ya kumi sasa. Nywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, pengine pungufu kidogo. Maana yake pale ulipoanzia sifuri, baada ya siku kama kumi pamefika karibu milimita tatu, na hiyo ndiyo namba moja ya kwenye kichanio cha mashine. Fedi imeshamezwa. Kijana anajiona, anachukua kapelo. Lakini hana elfu tatu nyingine, bumu limekwisha. Ndiyo maana mimi nina bei ya kuchonga tu: shilingi elfu moja, mstari wa mbele, masikio na kisogo, dakika chache. Vinyozi wenzangu walinicheka eti najishushia. Waache wacheke. Kijana anayekaa kwenye kiti changu katikati ya mwezi kwa elfu moja hapati nafasi ya kujaribu saluni nyingine, na mwisho wa mwezi elfu tatu yake naijua iliko.

Hapa niwaambie na linaloniuma. Nilikuwa na kijana niliyemfundisha kazi tangu hajui kushika mashine. Aliondoka bila kuaga, akafungua hatua chache kutoka kwangu, na kwenye bango lake akaandika maneno yangu, neno kwa neno, hata alama ya kuuliza hakuisahau. Niliwaka. Nikaenda kuuliza, nikaelezwa nilichopaswa kujua mapema: kusajili jina la biashara BRELA hakulindi kaulimbiu, alama ya biashara au ya huduma ni maombi mengine kabisa yenye ada yake. Kwa saluni ya viti vitatu niliona pesa hiyo inunue mashine. Sijamsamehe sana, lakini tuyaache.

Wateja wake wa mkono walimfuata, na hilo nilikubali. Kijana humfuata kinyozi, hafuati ukuta. Waliobaki kwangu ni wale waliozoea kwamba wakikaa kiti chochote, kwa kinyozi yeyote, watafuatwa mstari wao, wataoneshwa kisogo na watafunguliwa wembe mpya. Kwa hiyo ndugu zangu, ahadi ya bango lazima iwe kitu ambacho hata kinyozi uliyemwajiri jana anaweza kukitimiza. Ukiandika "mkono wa dhahabu", mkono huo siku moja utahama na wateja.

Kwa hiyo dogo wa Kihonda, weka kalamu chini. Nyoa watu mwezi mmoja bila kaulimbiu. Sikiliza wanavyotaniana kwenye benchi, tazama wanachokificha wakiingia. Kihonda huenda si kapelo, huenda ni skafu, huenda ni kupiga picha wakiwa wamegeuka upande mmoja tu. Andika walichosema wao, kwa maneno yao, yasizidi matano au sita, mtu wa bodaboda ayasome akipita bila kupunguza mwendo.

Na ukimwita fundi, mwambie mapema pa kuandika. Wangu aliyapaka ukutani nyuma ya viti, rangi nzuri, herufi kubwa. Mteja akikaa anayaona kwenye kioo yakisomeka kinyumenyume, na akijipiga picha kupitia kioo hali ni ile ile. Nililipa yafutwe. Sasa yako juu ya kioo, anayasoma muda wote akinyolewa, na mara ya pili yako nje pembeni ya mlango, kwenye ukuta mweupe usio na kitu kingine, usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama. Hapo ndipo wanapopigana picha wakitoka, na maneno yananyooka.