Re: Akiba kwenye eksel haifanani na hela iliyopo

"Wakuu, nimetengeneza bajeti ya mwezi kwenye eksel, mbona akiba inasoma kubwa kuliko hela niliyonayo?"

Mkuu, yalinikuta hayohayo hapa Mbeya. Mshahara ulioingia benki 620,000 (andika huo, siyo ule kabla ya makato), eksel inasema nimebakiwa na 168,000, nikihesabu ya kwenye simu na mfukoni napata 130,000. Kumbe daladala za Uyole–Mwanjelwa siku nyingine niliandika "Nauli", nyingine "nauri", na kuna mahali niligusa nafasi baada ya neno, na fomula ya SUMIF inayojumlisha kwa jina la kundi haihurumii, ikikuta neno tofauti inaruka tu, 38,000 zikapotea kimyakimya. Herufi kubwa na ndogo haijali.

Fanya hivi: shiti ya Matumizi weka tarehe A, kundi B, kiasi C. Shiti ya Muhtasari mshahara ukae B1, majina ya makundi A5 hadi A10, B5 andika hii kisha ivute mpaka B10:

```
=SUMIF(Matumizi!B:B,A5,Matumizi!C:C)
```

Akiba usiitoe kwenye makundi, itoe kwenye jumla yote:

```
=B1-SUM(Matumizi!C:C)
```

Na seli ya kukagua, lazima isome 0:

```
=SUM(Matumizi!C:C)-SUM(B5:B10)
```

Ikisoma namba nyingine kuna kundi limekosewa. Ili lisikosewe tena, chagua safu ya B ya Matumizi, nenda Data > Data Validation > List, uonyeshe A5:A10 ya Muhtasari, basi utakuwa unachagua tu badala ya kuandika. Ukiandika "5000/=" nayo haijumlishwi, weka namba tupu.