Nilikula maini kila siku zaidi ya mwaka ili kuongeza damu. Usirudie

"Wakuu, naomba kujua tofauti ya maini, figo, utumbo na moyo. Kipi kina virutubisho zaidi? Damu yangu ilipimwa ikawa 10, nimeanza kula maini kila asubuhi, wiki ya pili sasa, na nimeagiza mafuta ya ini la samaki. Mke wangu ana mimba ya miezi miwili, naye anakula pamoja nami. Pia utumbo unachemshwa kwa muda gani, na harufu ya figo inatolewaje?"

Mkuu, acha. Kesho asubuhi usipike maini, na hayo mafuta yakifika usiyafungue. Mkeo ndiye wa kwanza: asile maini tena mpaka ajifungue. Sababu nakuja kuzieleza, lakini hilo lifanyike kwanza, maana njia uliyoishika nimeipita mwaka mmoja na miezi miwili na najua ilinifikisha wapi.

Hemoglobini yangu ilisoma 9.6. Badala ya kumuuliza daktari damu inaenda wapi, nikaenda kumsikiliza jamaa mmoja mwenye video za lishe, anayejiita mwalimu. Alisema maini ni dawa ya damu, yaliwe kila siku, na juu yake kijiko cha chai cha mafuta ya ini la samaki "ili mwili uyapokee vizuri". Nikaanza na gramu 200 za maini ya ng'ombe ya kukaanga kila asubuhi. Baada ya miezi miwili damu ilifika 11.4, na hapo ndipo nilipoamini kila neno lake. Maini yana chuma na vitamini B12 nyingi, kwa hiyo kupanda kwa damu hakukuwa uongo. Uongo ulikuwa pale aliposema chakula hakina kiasi cha kuzidi.

Mwezi wa saba midomo yangu ilianza kupasuka, hasa kwenye kona, na haikupona kwa mafuta ya aina yoyote. Ngozi ya mikono ikawa inachubuka. Nikamwandikia yule mwalimu. Akanijibu kwamba hizo ni sumu zinatoka mwilini, nivumilie na niongeze kiasi. Nikaongeza hadi gramu 300. Mkuu, kosa langu kubwa kuliko yote ni hilo. Kuanza kula maini kila siku kunasameheka, mtu hajui. Lakini mwili uliniambia wazi kwamba umezidiwa, nami nikaitafsiri dalili kuwa ushindi, nikaendelea miezi saba mingine. Yule mtu bado ana video zake na bado anawaambia watu midomo ikipasuka waongeze. Nikimkumbuka damu inanichemka.

Baadaye zikaja nywele. Mke wangu ndiye aliyeziona kwenye mto asubuhi. Kisha mifupa ya miguu, hasa ugoko, ikawa inauma usiku bila kujigonga popote. Mwisho kikaja kichwa: maumivu ya kila siku, mabaya zaidi nikiinama, na macho yakiona ukungu. Hicho ndicho kilichonipeleka hospitali. Kwenye ziara ya pili daktari alipima vimeng'enya vya ini vikawa juu, akaangalia nyuma ya macho kuona kama neva imevimba kwa presha ya ndani ya fuvu, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: unakula nini kila siku? Nilipomwambia, aliweka kalamu chini.

Ni vitamini A. Ng'ombe anakula majani ya kijani maisha yake yote. Mwili wake unayageuza kuwa vitamini A iliyo tayari na kuihifadhi kwenye ini. Wewe ukila ini unakula ghala lake lote. Vitamini C ikizidi unaikojoa. Vitamini A inayeyuka kwenye mafuta, haitoki kwa mkojo. Nayo inakwenda kuhifadhiwa kwenye ini lako, siku baada ya siku, mpaka ghala likijaa inaanza kumwagika kwenye ngozi, mifupa na kichwa. Ndiyo maana hakuna unachosikia miezi ya mwanzo. Wiki zako mbili bila tatizo hazithibitishi chochote. Na kipimo cha damu cha vitamini A kinaweza kuonekana cha kawaida wakati ini limejaa, kwa hiyo usijifariji kwa karatasi moja ya maabara.

Sasa hesabu. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyokaangwa zina zaidi ya mikrogramu 7,500 za vitamini A. Mtu mzima anahitaji 700 hadi 900 kwa siku, na kikomo cha ile iliyo tayari, ya vyakula vya wanyama na vidonge, ni 3,000 kwa siku. Mimi na gramu zangu 200 nilikuwa juu ya 15,000, mara tano ya kikomo. Nilipofika gramu 300 na kijiko cha mafuta, ambacho peke yake kina zaidi ya 1,000, nilikuwa napita 23,000 kila siku. Shaba nayo, yaani yale madini, ilikuwa kwenye foleni hiyo hiyo: maini yaliyopikwa yana miligramu 14 hivi kwa gramu 100, na kikomo cha siku ni 10. Si kila mtu ataumwa kwa kiasi nilichokula mimi. Wapo wanaostahimili muda mrefu zaidi, na wapo, hasa wanywaji wa pombe na wenye ini ambalo tayari lina shida, wanaoumia mapema kuliko mimi.

Karoti na mboga za majani haziko kwenye hesabu hii. Zile zina malighafi tu, na mwili unageuza kiasi unachohitaji. Ukizidisha karoti utageuka rangi ya njano viganjani, basi.

Najua atatokea mtu hapa chini kusema mababu walikula maini na wakaishi miaka 90. Mababu walikula maini siku mnyama alipochinjwa, na mnyama mmoja ana ini moja. Ligawe kwa ukoo mzima uone kila mmoja anaondoka na vipande vingapi, halafu subiri mnyama mwingine achinjwe. Hakuna babu aliyekula gramu 300 kila asubuhi kwa mwaka.

Na wale wanaosema maini ni mabaya kwa sababu "yanachuja sumu" nao wananichosha. Ini halihifadhi sumu kama kichujio cha chai, linazivunja na kuzitoa. Kinachodhuru kwenye maini ni kizuri kilichozidi.

Mkeo. Mtoto wa miezi miwili tumboni ndio anaundwa moyo, uso na ubongo. Vitamini A iliyo tayari ikizidi wakati huo inaweza kuharibu uundaji huo, na ndiyo sababu wajawazito wanaambiwa waache maini na mafuta ya ini la samaki kabisa. Usimtishe kwa alichokwisha kula. Mpeleke kliniki, asimulie, na damu yake iongezwe kwa vidonge vya chuma na asidi ya foliki watakavyompa. Kama anatumia vidonge vingine vya vitamini, soma lebo: vyenye retinoli, yaani hiyo vitamini A iliyo tayari, aviache mpaka vionwe na daktari.

Sasa hiyo tofauti uliyouliza, nitaisema kwa jicho la mtu anayetafuta damu, maana ndicho unachokitafuta. Natamani ningeambiwa hili mapema. Moyo wa ng'ombe uliopikwa una chuma miligramu 6 hivi kwa gramu 100. Maini ya ng'ombe, miligramu 6 na ushee. Karibu sawa! Tena ni chuma kile cha nyama ambacho utumbo wetu unakifyonza kirahisi. Lakini moyo ni msuli, kwa hiyo vitamini A yake ni kama hakuna. B12 ya gramu 100 za moyo inapita mahitaji ya siku mara nne. Ya maini inapita mara ishirini na zaidi, na hizo za ziada hazikuongezei damu. Maini yanaushinda moyo kwa asidi ya foliki, hilo nakubali, ila maharage na mboga za majani zinaziba pengo hilo. Mwaka mzima nilikuwa naumia kwa kitu ambacho moyo ungenipa bila kuniumiza.

Figo ziko katikati. Chuma chake kinakaribia cha moyo, B12 ni nyingi, seleni ni nyingi mno, na vitamini A ni sehemu ndogo ya ile ya maini. Hata hivyo figo za mnyama mzee hukusanya kadimiamu, metali yenye sumu, kwa hiyo nazo si za kila siku. Utumbo, ule wa tumbo lenye vinyweleo kama taulo, ni protini na kolajeni. Chuma chake hakifiki hata miligramu 1, kwa hiyo ule kwa utamu wake, usiusubirie damu. Mwenye ugonjwa wa gauti awe mwangalifu na maini, figo na moyo, vyote vinapandisha asidi ya yuriki.

Kwako wewe usiye na mimba kanuni yangu ni hii, na siibadilishi: maini mara moja kwa wiki, kipande cha gramu 100, na usichanganye na mafuta ya ini la samaki wala kidonge chenye vitamini A. Hizo 7,500 ukizigawa kwa siku saba unapata kama 1,100 kwa siku, chini ya kikomo. Siku nyingine ukitaka nyama ya damu, kula moyo. Na kama unatumia vidonge vya chunusi vya aina ya isotretinoini, usile maini kabisa, kwa sababu dawa hiyo ni ndugu wa vitamini A.

Na hiyo damu yako 10, uliza imeenda wapi. Yangu ilikuwa inavuja polepole kwenye kidonda cha tumbo. Maini yalijaza ndoo huku tundu likiwa wazi, na kwa kuwa namba ilipanda sikulitafuta tundu zaidi ya mwaka. Kidonda kilipotibiwa na vidonge vya chuma vikatumika miezi mitatu, nilifika 13.8 bila kipande cha ini. Midomo ilipona wiki chache baada ya kuacha, kichwa kilichukua kama miezi miwili, nywele zilianza kurudi mwezi wa tano.

Ukifika kwa daktari mwambie gramu na idadi ya siku kama zilivyo, zako na za mkeo, usipunguze kwa aibu. Mimi kwenye ziara ya kwanza nilisema tu kwamba nakula maini "mara kwa mara", nikarudishwa nyumbani na dawa ya maumivu ya kichwa.