Gemu Ikikwama, Angalia Imeanza Kukwama Lini

Shikamoo fundi. Nacheza PUBG Mobile kwenye simu yenye chipu ya Helio G85 na RAM ya GB 4. Nimeweka Balanced na Ultra. Mechi ya kwanza inateleza vizuri, ikifika robo saa hivi inaanza kukwamakwama na mgongo wa simu unachoma. Simu imeisha? (Mbagala, Dar es Salaam)

Marahaba, mdogo wangu. Simu haijaisha. Kinachotokea ni kwamba inajilinda na joto, na umenipa dalili yenyewe uliposema inaanza vizuri halafu inaharibika baada ya robo saa. Ingekuwa chipu haiwezi kabisa gemu hiyo, ingekwama tangu dakika ya kwanza.

Ndani ya chipu kuna vipima joto. Joto likipita kiwango alichoweka mtengenezaji, mfumo unaishusha kasi ya prosesa, ya kawaida na ya michoro, hatua kwa hatua. Simu ya bei nafuu haina feni, na nyingi zina mgongo wa plastiki ambao haupitishi joto upesi, kwa hiyo joto likishaingia linachelewa kutoka. Ukicheza Dar mchana wa Januari, hewa yenyewe inayotakiwa kuipoza simu tayari ina nyuzi 32.

Tuifanyie hesabu simu yako. Ultra kwenye PUBG ni fremu 40 kwa sekunde, maana yake kila fremu inatakiwa iwe tayari ndani ya milisekunde 25. Tuseme chipu ikiwa baridi inachora fremu kwa milisekunde 22: inawahi, na wewe unaona mambo safi. Joto linapanda, kasi ya prosesa ya michoro inashushwa hadi asilimia 70 ya ile ya mwanzo. Fremu ileile sasa inachukua milisekunde 31. Umepita 25, fremu zinachelewa. Ubaya zaidi ni kwamba haitulii hapo. Kasi ikishuka chipu inapoa kidogo, mfumo unairudishia kasi, inachemka tena, inashushwa tena. Kinachokuudhi machoni ni huo mpando na mshuko kuliko wastani wenyewe.

Sasa weka High, yaani fremu 30. Kila fremu inapewa milisekunde 33. Hata chipu ikiwa imeshushwa, milisekunde 31 bado inawahi. Tena chipu inapumzika kati ya fremu na fremu, kwa hiyo huenda isifike kwenye joto la kushushwa kabisa. Kuna faida nyingine hapo: kasi kubwa inadai volti kubwa, na umeme unaoliwa unapanda kwa mraba wa volti. Ukipunguza kasi kidogo, joto linapungua kwa zaidi ya kiasi hicho.

Ukiwa na waya na kompyuta yenye programu ya adb, unaweza kuhakikisha. Washa USB debugging kwenye simu, cheza dakika 20, kisha andika:

```
adb shell dumpsys battery
adb shell dumpsys thermalservice
```

Kwenye jibu la kwanza tafuta `temperature`. Ikisoma 418 maana yake betri ina nyuzi 41.8, chipu yenyewe ina joto zaidi ya hapo. Kwenye la pili tafuta `Thermal Status`. 0 ni salama, 1 ni joto jepesi, 2 la wastani, 3 ni kali. Usipokuwa na kompyuta, programu yoyote ndogo inayoonyesha joto la betri itakutosha. Soma kabla ya kucheza na baada ya kucheza, na ukibadilisha mpangilio iache simu ipoe kabisa kabla ya kujaribu tena. Ukiijaribu ikiwa ya moto bado, utaulaumu mpangilio usio na kosa.

Mambo fundi. Settings za michoro ni nyingi mno. Nianze kupunguza nini? Sitaki gemu ionekane kama katuni. (Kisumu)

Inategemea inakwama lini. Kama inaharibika baada ya muda, yaani joto, anza na kasi ya fremu kama nilivyomweleza mwenzako wa Mbagala. Hiyo haigusi sura ya gemu hata kidogo, na hapo wewe unapata unachotaka. Kama inakwama tangu mwanzo simu ikiwa baridi, kazi ya kila fremu ndiyo kubwa mno, na hapo inabidi uguse picha.

Kwenye picha, cha kwanza kuondoa ni vivuli. Ili kuchora vivuli vinavyosogea, prosesa inaichora mandhari mara ya pili kutoka upande wa jua, halafu inalinganisha. Ni kazi nzito kwa kitu ambacho ukiwa unakimbia hukioni. Kwenye Call of Duty: Mobile kinaitwa Real-Time Shadows, kwenye Free Fire ni Shadow. Zima. Baada ya hapo zima Depth of Field na Bloom ukizikuta, yaani ule ukungu wa vitu vya mbali na mng'ao wa taa. Mimi huvizima hata kwenye simu yenye nguvu, kwa sababu vinamficha adui.

Kinachofuata ni wingi wa vitone vya picha, na hapa watu wengi wanadanganywa na tangazo la dukani. Skrini ya 720 kwa 1600 ina vitone milioni 1.15. Ya 1080 kwa 2400 ina milioni 2.59, mara mbili na robo. Simu mbili zenye chipu ileile dhaifu, ile yenye skrini "nzuri zaidi" ndiyo inayoteseka kwenye gemu kama gemu inachora kwa vitone vyote. Kwa hiyo kama gemu yako ina kipengele cha ubora wa picha, kama High Res ya Free Fire, kirudishe Normal. Maandishi yatapoteza ukali kidogo, lakini sura ya gemu inabaki.

Anti-aliasing, inayolainisha kingo za vitu, iwe ya mwisho kuzimwa kwa sababu macho huikosa upesi. Ila kuna kitu kinachofanana nayo nataka ukihakikishe: nenda Developer options uangalie Force 4x MSAA. Kuna video zinazowashauri vijana waiwashe "ili gemu iwe laini". Inaongeza kazi ya prosesa ya michoro. Ikiwa imewashwa, izime.

Kipengele cha Style cha PUBG, Classic au Colorful, kiache unavyopenda. Kazi yake ni rangi.

Nimepandisha kutoka High kwenda Ultra, na namba ya fremu kweli inasoma 40. Mbona macho yangu yanaona inakwama kuliko ilivyokuwa 30? (Mombasa)

Macho yako yako sawa. Skrini ya kawaida inajichora upya mara 60 kwa sekunde, kila baada ya milisekunde 16.7, na haiwezi kuonyesha fremu katikati ya zamu. Fremu 30 zinagawanyika sawasawa: kila moja inakaa zamu mbili. Fremu 40 hazigawanyiki, kila moja ingehitaji zamu moja na nusu. Kwa hiyo moja inakaa zamu moja, inayofuata zamu mbili, tena moja, tena mbili. Ukigeuza kamera unaona mtetemo, ingawa hakuna fremu hata moja iliyopotea.

Skrini ya 90Hz ina tatizo lilelile kwa gemu ya fremu 60, kwa sababu 90 kugawa kwa 60 ni moja na nusu tena. Kwa simu hiyo nenda kwenye mipangilio ya skrini uchague 60Hz wakati wa kucheza. Kwa simu yako wewe, ya 60Hz, chagua 30 au 60, na kama chipu haifiki 60 bila kuchemka, basi 30.

Yangu haipati joto kabisa, lakini nikishuka tu na parachuti inaganda sekunde nzima, halafu inaendelea. Nina RAM 4+4 na hifadhi ya GB 64. (Tabora)

Hapa kushusha vivuli hakutakusaidia sana. Gemu inaganda inapovuta nyumba, miti na silaha kutoka kwenye hifadhi kwa mkupuo, na ndiyo maana inatokea unapotua.

Hiyo "+4" ni sehemu ya hifadhi iliyokopwa ifanye kazi ya RAM. Simu za bei hii nyingi zinatumia hifadhi ya eMMC, inayosoma megabaiti mia kadhaa kwa sekunde, wakati RAM halisi inapita gigabaiti 10. Gemu ikihitaji kitu kilichowekwa kule, inasubiri, na wakati huohuo ramani nayo inasomwa kutoka hifadhi hiyohiyo. Zima nyongeza hiyo, iwashe simu upya, ucheze mechi mbili. Ikiwa gemu itaanza kujifunga yenyewe, RAM ya GB 4 haikutoshi bila nyongeza. Irudishe, na badala yake shusha ubora wa picha hadi Smooth ili gemu ibebe vitu vyepesi.

Halafu angalia nafasi. Hifadhi iliyojaa inakuwa nzito kuandika. Binafsi sipendi ishuke chini ya GB 8 kwenye simu ya 64. Video za magrupu ya WhatsApp ndizo huwa mzigo wa kwanza.

Kama kuganda kumeanza baada ya gemu kujisasisha, subiri kidogo kabla ya kufuta chochote. Baada ya sasisho gemu huandaa upya maelekezo ya kuchora kila aina ya kitu inapokutana nacho mara ya kwanza. Mechi chache za mwanzo zinaganda, kisha inatulia.

Mwanangu anacheza simu ikiwa kwenye chaji, ikichemka anaiweka kwenye friji. Ni sawa? (Tanga)

Hapana, dada. Mkataze friji leo hii. Simu ya moto ikiingia kwenye baridi kisha ikatolewa kwenye hewa ya Tanga, unyevu wa hewa unaigandia kama chupa ya soda, nje na ndani. Avue kava, apunguze mwanga wa skrini, akae mbele ya feni. Feni haina madhara yoyote.

Chaji nayo inaongeza joto lake juu ya lile la gemu, na betri ikikaa kwenye joto inazeeka mapema. Achaji kwanza, achomoe, ndipo acheze.

Maadui wanarukaruka, mara yuko hapa mara kule, na nikipiga risasi haziingii. Nishushe grafiki? (Bukoba)

Simama mahali pamoja uzungushe kamera. Ikizunguka laini huku maadui wanaruka, ni mtandao, na hakuna mpangilio wa michoro utakaokusaidia. Tazama ping pembeni mwa skrini: ikiwa inarukaruka kutoka 80 hadi 400, sogea penye mawimbi mazuri au zima programu zinazopakua nyuma. Mawimbi hafifu pia yanailazimisha redio ya simu itume kwa nguvu zaidi, nayo inapata joto. Kamera yenyewe ikikwama inapozunguka, rudi kwenye jibu la Kisumu.