Kutoka wazo ghafi hadi ukurasa mmoja wa filamu fupi

Nina wazo la filamu fupi kuhusu shida za wavuvi wa Bagamoyo, lakini nikitakiwa kulieleza kwa sentensi moja nakwama. Nakosea wapi?

Ulichonacho ni mada. Hakijawa kisa, kwa sababu hatujamwona mtu anayetaka kitu na akazuiwa kukipata. Mtafute huyo kwanza: tuseme ni mjane anayekaanga samaki pale sokoni ufukweni, anayeandamwa na mkopo wa kausha damu, na mali pekee aliyobaki nayo ni ngalawa. Sasa andika: "Mjane mkaanga samaki anapaswa kumkabidhi mnunuzi ngalawa ya marehemu mumewe kabla ya maji kupwa ili alipe deni, lakini mwanawe wa miaka kumi na miwili, asiyetaka iuzwe, amekwisha kutoka nayo baharini." Jina la mjane halikuhitajika, maana kazi yake inatueleza zaidi, na maji ya bahari yamempa saa ya mwisho bila mwandishi kulazimisha.

Sentensi ninayo. Huo ukurasa mmoja wa kumweleza mtayarishaji kisa chote naujazaje?

Kwa filamu ya dakika kumi, maneno kama mia nne yanatosha, yakiandikwa kwa wakati uliopo na kueleza yale tu yanayoonekana na kusikika. "Anakumbuka taabu za ndoa yake" haipigiki picha. "Anahesabu noti, anazifunga kwenye pindo la kanga, anazifungua na kuzihesabu tena" inapigika.

Waandishi wengi humaliza nusu ukurasa wakisimulia kifo cha mume na chanzo cha deni, ilhali daftari la mkopeshaji likifunguliwa mara moja linatosha. Kufikia aya ya pili ngalawa iwe imekwisha kuondoka. Hapo katikati mpe mjane hatua zinazozidi kumbana: anamdanganya mnunuzi kwamba chombo kinazibwa matundu, uongo huo unamfanya mnunuzi atake kwenda kukiona kwa fundi, naye analazimika kumwahidi mwenye boti ya mashine sehemu ya fedha ambazo hajazipata. Jaribu kubadilishana nafasi za aya mbili. Kisa kisipoharibika, matukio yako yamepangwa tu, hayazaani.

Je, nifiche mwisho ili msomaji awe na hamu?

Usiufiche. Anayesoma ukurasa huu ni mtayarishaji, naye anataka kujua kama unaujua mwisho wako. Andika wazi kwamba mtoto anarudi maji yamekwisha kupwa, mnunuzi ameondoka, na mama, mbele ya mkopeshaji, anashika kamba na kumsaidia mwanawe kuivuta ngalawa.

Sina fedha za kupiga picha baharini. Nibadili kisa?

Kisa kibaki, kamera ndiyo isitoke ufukweni. Mfuate mama muda wote, na ngalawa ionekane kama tanga la mbali, kisha ikiwa imekwama mchangani. Jambo hilo lidhihirike katika ukurasa wenyewe, kwa sababu sentensi moja inayomweka mtoto katikati ya mawimbi inamfanya mtayarishaji aanze kuhesabu boti ya pili, waokoaji na siku za ziada.