Jumla zote zimetimia lakini jibu si hilo: hesabu vyombo, si visanduku tu

Swali: Wakuu, niko Jinja, nahangaika na fumbo hili tangu jana. Kuna meli moja ya visanduku 3, mashua mbili za visanduku 2, na mitumbwi mitatu ya kisanduku kimoja kimoja. Vyombo havigusani hata kwenye kona. Alama # ni kipande cha chombo, ~ ni maji, na namba za pembeni na chini ni jumla ya vipande katika mstari au safu hiyo.

```
     A B C D E F
 1   . ~ . . . .   2
 2   . . . # . .   1
 3   . . . . . .   2
 4   . . . . . .   1
 5   . . . . . .   3
 6   . . . . . .   1
     3 1 1 2 1 2
```

Nimeweka A1, A3, A5-B5-C5, D2-D3, E6, F1 na F4. Jumla zote zinakubali, hakuna kinachogusa kingine, lakini ukurasa wa majibu una picha tofauti. Kitabu kimekosea au mimi? Na mnafikaje mwisho bila kubahatisha?

Jibu:

Kitabu hakijakosea, ndugu yangu. Hebu hesabu mitumbwi yako: A1, A3, E6, F1, F4. Ni mitano, na umepewa mitatu. Mashua unayo moja tu, ile ya D2-D3, na ulitakiwa uwe nazo mbili. Visanduku kumi vipo, lakini ulichojenga ni kundi lingine la vyombo.

Usijisikie vibaya, kosa hili nalijua kwa karibu. Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, na kazi yangu nusu yake ni kungoja: karatasi ziko kwa mtu, mtu yuko chai, dereva amelala chini ya trela. Mafumbo haya nilifundishwa na dereva mmoja mzee wa Mombasa, tukiwa tumekaa kibandani tunakula kikomando. Alikuwa akinitazama nikijaza, nikimaliza anauliza neno moja tu: "Mitumbwi mingapi?" Miezi miwili nilikuwa naona kama ananisumbua. Kisha nikaelewa kwamba orodha ya vyombo iliyoandikwa juu ya fumbo haiko pale kama maelezo ya mchezo. Ni dokezo kama zilivyo namba za pembeni, na mara nyingi ndiyo inayokutoa pale namba zinapokuacha.

Tulitatue hili lako tangu mwanzo, uone inapoingia.

Kwanza mstari wa 2. Jumla yake ni 1 na D2 tayari ni chombo, kwa hiyo vingine vyote humo ni maji. Na kwa sababu vyombo havigusani kwenye kona, visanduku vinne vya kona za D2, yaani C1, E1, C3 na E3, navyo ni maji. Watu wengi hutia maji juu, chini na ubavuni, kona wakazisahau. Mimi huanza na kona, maana ubavuni hata ukisahau jumla ya mstari itakukumbusha, lakini kona haina wa kukukumbusha.

Sasa usianze kutafuta mitumbwi. Mtumbwi unaingia popote, hautakwambia kitu. Tafuta meli ya 3. Inahitaji mstari au safu yenye jumla ya 3 au zaidi, na hapa ziko mbili tu: mstari wa 5 na safu A.

Tuseme iko safu A. A2 ni maji, kwa hiyo meli italala A3 hadi A5 au A4 hadi A6. Tazama jirani yake, safu B, ambayo inadai kisanduku kimoja. Meli ikilala A3 hadi A5, vyote vya B kuanzia B2 hadi B6 vinakuwa maji kwa kuguswa. Ikilala A4 hadi A6, B3 hadi B6 ni maji, na B2 ilishakuwa maji. Inabaki B1 peke yake, na kitabu kimeshakuchorea wimbi pale. Safu B haina pa kuweka chombo chake. Basi meli haiko safu A, iko mstari wa 5, na inaumaliza mstari wote.

Kuna nafasi nne: A-C, B-D, C-E, D-F. Chukua penseli, zipitie moja moja. Huku si kubahatisha, maana hutafuti inayokupendeza, unatafuta inayovunjika.

D-F inavunjika upesi. Safu C inataka kisanduku kimoja: C1 na C3 ni kona za D2, C2 ni maji ya mstari wa 2, C4 na C6 zinagusa kona ya D5, na C5 haiwezekani kwa kuwa mstari umejaa. Hakuna pa kuweka.

B-D nayo vivyo hivyo, ila safari hii anayelia ni safu A. Inataka vitatu, na zilizobaki ni A1 na A3 tu.

C-E ndiyo tamu, kwa sababu namba za pembeni peke yake hazitoshi kuiangusha haraka. Safu C na E zimetimia, na D nayo imetimia kwa D2 na D5. Kwa hiyo D2 haina pa kurefuka, ni mtumbwi. Mstari wa 6 umebakiwa na A6 tu, kwani B6 hadi F6 zote zinaigusa meli, na A6 nayo haina mwenzake, ni mtumbwi. Mstari wa 4 kwa sababu hiyohiyo umebaki na A4. Sasa safu F inataka viwili: F2, F4, F5 na F6 zimekufa, zimebaki F1 na F3, kila kimoja peke yake. Hesabu: D2, A6, F1, F3. Mitumbwi minne. Orodha imekataa, na nafasi imeanguka.

Meli basi ni A5-B5-C5, kama ulivyoweka wewe. Hadi hapo ulikuwa njia sahihi. Safu B na C zimekwisha. Safu A inataka viwili zaidi, na A4 na A6 zinagusa meli, A2 ni maji, kwa hiyo ni A1 na A3. Hakuna cha kuungana navyo, ni mitumbwi miwili.

Hapa ndipo ulipoanza kubahatisha, nadhani. D2 inahitaji mwenzake mmoja, na ni D1 au D3, maana D4 na D6 zinagusa kona ya C5. Mstari wa 1 unakubali D1, mstari wa 3 unakubali D3. Namba hazisemi lolote, na wewe ukachagua D3. Acha safu D kabisa, nenda chini.

Mstari wa 6 una kisanduku kimoja, kitakuwa E6 au F6. Juu yake kuna mstari wa 5 uliojaa, na ubavuni hakuna nafasi kwa kuwa jumla ni 1. Kwa hiyo vyovyote kitakavyokuwa, hicho ni mtumbwi. Wa tatu. Mitumbwi imekwisha, na hata hatujajua huo wa tatu uko safu gani.

Sasa mstari wa 4. Nao una kisanduku kimoja, E4 au F4. Hakiwezi kuwa mtumbwi tena. Lazima kiwe sehemu ya mashua, na mashua hiyo haiwezi kushuka mstari wa 5, itapanda mstari wa 3. E3 ni kona ya D2, ni maji tangu mwanzo. Imebaki F3-F4. Safu F imetimia, basi mtumbwi wa mstari wa 6 ni E6. Mstari wa 3 una A3 na F3, umejaa, D3 ni maji. Mwenzake D2 ni D1.

```
     A B C D E F
 1   # ~ ~ # ~ ~   2
 2   ~ ~ ~ # ~ ~   1
 3   # ~ ~ ~ ~ #   2
 4   ~ ~ ~ ~ ~ #   1
 5   # # # ~ ~ ~   3
 6   ~ ~ ~ ~ # ~   1
     3 1 1 2 1 2
```

Mimi huandika orodha ya vyombo pembeni na kukata kimoja kila ninapokifunga. Kukifunga maana yake maji yamekizunguka pande zote. Ukikata kabla, utajidanganya: D2 ilikuwa inaonekana kama mtumbwi muda wote ule na kumbe ni nusu ya mashua.

Jambo jingine dogo, kwa wanaonakili mafumbo kwa mkono kama mimi. Siku moja nilinakili moja nyuma ya risiti, nikaandika 3 mahali pa 2. Malori yalisogea, yakasimama, yakasogea, mimi bado nalaumu akili yangu. Jumla za mistari zikijumlishwa, jumla za safu zikijumlishwa, na visanduku vya vyombo vyote kwenye orodha, lazima zitoe namba moja. Hapa ni 10 kwa 10 kwa 10. Zisipolingana, usiguse penseli.

Ukihamia lile kubwa la 10 kwa 10, vyombo vya kawaida ni kimoja cha visanduku 4, viwili vya 3, vitatu vya 2 na vinne vya 1, yaani visanduku 20. Njia ni hiyohiyo: cha 4 huwa na nafasi chache, anza nacho, kisha vya 3. Fumbo lenyewe lilizaliwa Ajentina, likachapishwa mara ya kwanza mwaka 1982 katika jarida la Humor & Juegos, kazi ya Jaime Poniachik. Mzee wa Mombasa alikuwa akiapa ni la Wajerumani. Sikumbishia.

Na ukijiuliza lile wimbi la B1 linafanya nini pale: lifute, na utapata jibu la pili lililo halali kabisa. Meli A3 hadi A5, mashua D1-D2 na E5-F5, mitumbwi B1, F3 na C6. Hakiki mwenyewe, hata mitumbwi ni mitatu.