Chai ya Rangi na Dawa ya Pumu

Swali la wiki: "Je, ni kweli kwamba chai ya rangi ina dawa ya pumu, na dawa hiyo hufunguaje kifua?"

Dawa hiyo ipo, nayo ni teofilini, ambayo mwanakemia Mjerumani Albrecht Kossel aliitenga kutoka katika majani ya chai mwaka 1888. Hata hivyo, kikombe kimoja kina takriban miligramu 1 au pungufu. Mtu mzima wa kilo 60 huhitaji karibu miligramu 300 ili damu yake ifikie miligramu 10 kwa lita, kiwango ambacho dawa hufanya kazi vizuri, kwa hiyo angelazimika kunywa vikombe mia tatu na zaidi. Nafuu ndogo ambayo baadhi ya wagonjwa wetu hapa Dodoma huipata kwa chai kali, upepo wa kiangazi unapotimua vumbi, hutokana zaidi na kafeini, ndugu yake teofilini mwenye nguvu hafifu.

Misuli inayozunguka njia za hewa hulegea pale kemikali iitwayo saikliki AMP inapoongezeka ndani ya seli zake, kwa kuwa kalsiamu inayoikaza hupungua. Salbutamoli, ile ya kuvuta kwa mdomo, huhimiza seli kuitengeneza kemikali hiyo kwa wingi. Teofilini huzuia vimeng'enya vya fosfodiesterasi visiivunje. Kwa dozi salama uzuiaji huo ni wa sehemu tu, na ndiyo maana teofilini haifungui kifua kwa nguvu kama salbutamoli.

Njia ya pili ya teofilini ni kuizuia adenosini, kemikali ya mwili ambayo mwenye pumu akiivuta hubanwa kifua, kwa sababu huzichochea seli za mzio kumwaga histamini inayobana njia za hewa, ilhali mtu asiye na pumu habanwi. Teofilini hukalia vipokezi vyake, adenosini ikakosa pa kushika. Lakini vipokezi hivyo vimo pia moyoni na kwenye ubongo, ambako adenosini hutuliza. Vikizibwa kupita kiasi, moyo huenda mbio na degedege huweza kutokea.

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kama mfamasia, kwani kiwango kikizidi miligramu 20 kwa lita, sumu huwa karibu. Mgonjwa aliyezoea vidonge vyake vya teofilini bila shida akiandikiwa antibiotiki ya siprofloksasini kwa ajili ya maambukizi ya njia ya mkojo, ini huchelewa kuiondoa teofilini, nayo hulundikana ingawa hajaongeza hata kidonge kimoja. Kwa kawaida huanza kichefuchefu, kutapika, mikono kutetemeka na kukosa usingizi, ingawa degedege laweza kutangulia bila dalili hizo. Mwenye dalili hizo asimeze dozi inayofuata, bali aende hospitali siku hiyo hiyo akiwa na pakiti za dawa zote mbili, ili daktari apime mapigo ya moyo na, panapowezekana, kiwango cha teofilini katika damu.

Mfamasia, Dodoma